Mnara Mwekundu Nyuma ya Miti: San Francisco au Lisbon?

Picha zenyewe ni za kawaida. Mbele kuna matawi ya mikaratusi, nyuma anga jeupe, na juu ya majani umechomoza mnara wa chuma wenye rangi ya chungwa iliyokolea. Kebo nene inateremka kutoka kileleni na kupotelea kwenye miti. Hakuna maji yanayoonekana, hakuna bango, hakuna gari lenye namba za usajili. Mtu akiulizwa ni wapi, mara nyingi hujibu hata kabla swali halijaisha: Golden Gate, San Francisco.

Huenda amepatia. Huenda pia amekosea kwa umbali wa bara la Amerika ya Kaskazini na bahari ya Atlantiki vikiunganishwa, kwa sababu mnara wa rangi hiyo uko pia Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Madaraja haya mawili huchanganywa kila siku kwenye kalenda, matangazo ya safari na hata picha za magazeti. Kuyatenganisha, hata pale miti inapoficha robo tatu ya daraja, ni kazi inayowezekana kwa mtu anayejua pa kutazama. Ugumu wake ni kwamba macho huvutwa kwanza na vitu visivyosaidia.

Daraja la Golden Gate lilifunguliwa mwaka 1937. Linaunganisha San Francisco na Kaunti ya Marin juu ya mlango wa bahari unaotoka Pasifiki. Kati ya mnara na mnara kuna mita 1,280, na hadi mwaka 1964 hakuna daraja la kuning'inia duniani lililokuwa na nafasi ndefu kuliko hiyo. Minara yake imesimama mita 227 juu ya maji.

La Lisbon ni dogo na changa zaidi. Lilifunguliwa Agosti 1966 juu ya mto Tejo likiitwa Daraja la Salazar, kwa jina la dikteta aliyekuwa akiitawala Ureno. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi waliuangusha utawala ule, na daraja likapewa jina la siku hiyo: 25 de Abril. Mapinduzi hayo ndiyo yaliyofungua njia ya uhuru wa Msumbiji mwaka uliofuata, baada ya miaka ya vita vya Frelimo iliyokuwa na kambi zake Tanzania. Nafasi kati ya minara ya Lisbon ni mita 1,013, na minara yenyewe ina urefu wa takriban mita 190 kutoka majini.

Rangi ndiyo inayowapoteza wengi. Kwa Golden Gate, vyuma viliwasili vikiwa vimepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na msanifu Irving Morrow akaipenda kiasi cha kupendekeza rangi ya mwisho ifanane nayo. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikuwa limetaka daraja lipakwe mistari myeusi na ya njano ili manahodha walione vizuri. Hoja ya Morrow ikashinda, na rangi hiyo ikawa sura ya San Francisco. Lakini rangi haina hakimiliki. Lisbon wana inayokaribiana nayo sana, na huko Kitakyushu, Japani, Daraja la Wakato la mwaka 1962 nalo ni jekundu, ingawa nafasi yake ya kati ni mita 367 tu. Zaidi ya hapo, picha ya simu hubadilisha rangi bila kuombwa: jua la magharibi huufanya hata mnara wa kijivu uonekane kama umepakwa rangi ya kutu.

Miti nayo haitoi ushahidi. Mkaratusi asili yake ni Australia, lakini ulipandwa kwa wingi Kalifornia na vilevile Ureno, kama ulivyopandwa kwenye vilima vya Kenya, Rwanda na Tanzania. Misonobari ipo pande zote mbili pia. Mtaalamu wa mimea akipewa jani lililo wazi anaweza kusema mengi, lakini majani yaliyofifia pembeni mwa picha hayamsaidii hata yeye.

Wenye uzoefu wa kusoma picha hukimbilia kivuli na jua, na hapa wanakutana na jambo la ajabu. Lisbon na San Francisco ziko karibu mstari mmoja wa latitudo, moja kidogo juu na nyingine kidogo chini ya nyuzi 38 kaskazini. Miji yote miwili ina bahari kuu upande wa magharibi, na madaraja yote mawili yanaelekea takriban kaskazini na kusini. Maana yake ni kwamba saa sita mchana ya siku moja ya mwaka, jua linapiga minara yote kwa kimo kilekile na kutoka upande uleule. Kivuli peke yake hakiwezi kuitenganisha.

Vipimo navyo havitoshi. Ukigawanya urefu wa mnara kwa nafasi ya kati, Golden Gate inatoa karibu asilimia 18 na Lisbon karibu asilimia 19. Hii si sadfa. Kebo ikivutwa inyooke sana, mvutano wake unakuwa mkubwa kupita kiasi. Ikiachwa ilegee sana, inahitaji minara mirefu yenye gharama. Kwa hiyo wahandisi wa madaraja makubwa ya kuning'inia huishia kwenye uwiano unaokaribiana, na madaraja yao hufanana kwa umbo la jumla popote yalipo. Picha ikipigwa kwa pembe, tofauti hiyo ya asilimia moja inamezwa kabisa.

Basi cha kutazama ni nini? Ni nafasi iliyo katikati ya miguu miwili ya mnara.

Kila mnara wa daraja la kuning'inia una miguu miwili, mmoja kila upande wa barabara, na lazima ishikamanishwe ili upepo na uzito visiisukume. Namna ya kuishikamanisha ni uamuzi wa mbunifu, na uamuzi huo haubadiliki kwa kupaka rangi wala kwa kupiga picha jioni. Golden Gate, kuanzia barabara kwenda juu, miguu imeunganishwa kwa mihimili minne minene ya mlalo, na mnara unafanana na ngazi ya kupandia. Katikati ya mhimili na mhimili ni uwazi mtupu wenye umbo la mstatili. Miguu yenyewe inapungua unene kwa hatua inapopanda, na pembe za mihimili zimenakshiwa kwa mtindo wa miaka ya 1930. Vyuma vya mshazari vipo, lakini viko chini ya barabara.

Lisbon hakuna uwazi huo. Vyuma vya mshazari vinavyokatana kama herufi X vinaonekana chini ya barabara na juu yake pia, karibu na kilele. Kwa hiyo hata kama miti imeficha kila kitu isipokuwa theluthi ya juu ya mnara, swali lina jibu. Anga ikionekana kupitia dirisha la mstatili, Golden Gate inabaki kwenye orodha. Anga ikiwa imekatwa na X, Golden Gate imetoka, bila rufaa.

Ni muhimu kuona kwamba hatua hii inaondoa, haithibitishi. X kati ya miguu inasema "si Golden Gate", lakini haisemi "ni Lisbon". Na mtego wake mkubwa uko San Francisco palepale. Kilometa chache kutoka Golden Gate kuna Daraja la Bay linalokwenda Oakland, lililofunguliwa Novemba 1936. Sehemu yake ya magharibi ni ya kuning'inia, ina minara yenye X, na ina sakafu mbili za barabara, moja juu ya nyingine. Kampuni ya Kimarekani ya American Bridge ilishiriki kulijenga, na miaka thelathini baadaye kampuni hiyohiyo ikajenga la Lisbon. Ndiyo maana, ukiondoa rangi, daraja la Lisbon lina undugu zaidi na la Bay kuliko na Golden Gate. Kwenye picha ya rangi, Bay hujulikana kwa rangi yake ya kijivu cha fedha. Kwenye picha nyeusi na nyeupe, msaada huo haupo.

Hapo ndipo jicho linapohamia kwenye dalili ya pili, yaani hesabu ya minara na umbo la kebo. Sehemu ya magharibi ya Bay ni madaraja mawili ya kuning'inia yaliyofuatana, yakiwa na nguzo kubwa ya zege katikati na minara minne kwa jumla. La Lisbon lina minara miwili tu. Picha ikionyesha mnara wa tatu, hata ncha yake tu juu ya miti, Lisbon imeondoka.

Dalili ya tatu ni kebo yenyewe, na hii ina faida ya ziada: inaweza kutaja hata kipindi cha picha. Daraja la Lisbon lilijengwa likiwa na kebo moja kuu kila upande. Miaka ya 1990 ilipoamuliwa kwamba treni ipite chini ya barabara, uzito mpya ulihitaji nguvu mpya. Minara ikaongezwa kimo kidogo, na seti ya pili ya kebo kuu ikawekwa juu ya ile ya kwanza. Treni zilianza kupita Julai 1999. Kwa hiyo picha inayoonyesha kebo mbili zikipanda pamoja, moja juu ya nyingine, upande mmoja wa mnara wenye X, ni ya Lisbon na haikupigwa kabla ya kazi hiyo. Picha yenye kebo moja inaweza kuwa ya Lisbon ya zamani au ya daraja jingine, na hapo upekuzi unaendelea.

Baada ya chuma ndipo mazingira yanapopewa nafasi. Ng'ambo ya mto kutoka Lisbon, katika mji wa Almada, kuna sanamu ya Kristo Mfalme iliyozinduliwa mwaka 1959, ikiwa imenyoosha mikono kuelekea jiji. Ilitokana na ile ya Rio de Janeiro, na mtu akiiona peke yake juu ya miti atasema Brazili. Kitako ndicho kinachoitofautisha. Ya Rio imesimama kwenye kitako kifupi juu ya mlima mrefu. Ya Almada iko juu ya jengo la nguzo nne lililo refu mara kadhaa kuliko sanamu yenyewe. Mnara wenye X pamoja na sanamu ya namna hiyo kwenye fremu moja ni ushahidi unaotosha mahakamani.

Sanamu hiyo pia inakamata picha zilizogeuzwa kulia kushoto, jambo linalotokea mara nyingi wachapaji wanapopanga kurasa. Daraja lenyewe haliwezi kufichua udanganyifu huo, kwa kuwa upande wake wa kushoto na wa kulia unafanana. Lakini sanamu iko mashariki mwa daraja. Aliyesimama Lisbon, kaskazini mwa mto, akitazama moja kwa moja kando ya mstari wa daraja kuelekea kusini, lazima aione kushoto. Ikitokea kulia, picha imegeuzwa.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Picha inaonyesha vilele viwili vyekundu juu ya miti, kimoja kikubwa na kingine kidogo nyuma yake, karibu kwenye mstari mmoja. Kati ya miguu ya kilele kikubwa kuna X. Kila upande kuna kebo mbili. Kushoto, mbali, kuna kitu kirefu chembamba chenye msalaba juu, ambacho kikikuzwa kinageuka mtu aliyenyoosha mikono. Daraja limejulikana: ni 25 de Abril, baada ya 1999, na mpiga picha yuko kaskazini.

Je, alisimama wapi hasa? Minara miwili ya daraja hili ni pacha, kwa hiyo sehemu ileile ya kila mmoja inaweza kulinganishwa kwa rula. Miti imeficha miguu ya chini, basi unapimwa upana wa mnara kileleni, kutoka ukingo wa nje wa mguu mmoja hadi wa mwingine. Tuseme mnara wa karibu una milimita 12 na wa mbali milimita 8. Kitu kinachoonekana kidogo mara moja na nusu kiko mbali mara moja na nusu. Minara imeachana mita 1,013, kwa hiyo hizo mita 1,013 ndizo ile nusu iliyoongezeka. Umbali hadi mnara wa karibu ni mara mbili yake, yaani kama kilometa mbili.

Ukichukua ramani ya Lisbon na kuurefusha mstari wa daraja kilometa mbili upande wa kaskazini, unaangukia maeneo ya Tapada da Ajuda, bustani kubwa ya miti iliyo juu ya mtaa wa Alcântara. Miti iliyokuwa ikisumbua imegeuka kuwa shahidi. Hesabu hii haitegemei aina ya lenzi, kwa kuwa lenzi ya kuvuta hukuza minara yote miwili kwa kiasi kimoja. Inategemea tu mpiga picha awe karibu na mstari wa daraja. Akiwa pembeni sana, tofauti ya umbali kati yake na kila mnara inakuwa ndogo kuliko urefu wa daraja, na jibu litatoka kubwa kupita ukweli.

Sasa jua, lililokataliwa mwanzoni, linaweza kurudi kama shahidi mdogo. Katika latitudo hizo jua la mchana liko kusini mwaka mzima, tofauti na Dar es Salaam ambako huhama pande zote mbili za anga. Aliyeko kwenye miti ya Lisbon anatazama kusini, kwa hiyo mchana mnara humjia ukiwa na weusi wa kivuli. Aliyeko kwenye miti ya Presidio, ukingo wa San Francisco wa Golden Gate, anatazama kaskazini na mnara humjia ukiwa umeangazwa. Ushahidi huu unapinduka kwa aliyesimama ng'ambo, na ndiyo sababu haustahili kutangulia ule wa chuma.

Utaratibu huohuo unafanya kazi kwa madaraja ya karibu na nyumbani, ambako mara nyingi kinachoonekana juu ya miti au mapaa ni kebo tu. Swali la kwanza ni kama kebo imepinda au imenyooka. Ikiteremka kwa mkunjo na kuning'iniza nyaya za wima, ni daraja la kuning'inia. Hilo ni jambo la nadra Afrika: lipo la Matadi, Kongo, la mwaka 1983, na lipo la Maputo kwenda Katembe, lililofunguliwa Novemba 2018 likiwa na mita 680 kati ya minara. Zikiwa ni kebo nyingi zilizonyooka kutoka mnarani hadi barabarani kwa mshazari, orodha ni nyingine kabisa, na ndimo lilimo Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, ambalo urefu wake wote ni mita 680 hizohizo.

Ndani ya orodha hiyo ya pili, umbo la mnara hurudi kuwa mwamuzi. Daraja la Jinja juu ya mto Nile, lililofunguliwa Oktoba 2018, lina minara yenye umbo la Y iliyogeuzwa juu chini, na kebo zake zinashuka kwa safu moja katikati ya barabara. Daraja la Tanzanite, linaloruka bahari kati ya Oysterbay na ufukwe wa Aga Khan jijini Dar es Salaam, lilianza kutumika mwaka 2022. Minara yake ni mifupi na kebo zimelala karibu na barabara, kwa kuwa sehemu kubwa ya mzigo inabebwa na sakafu yenyewe. Miti ya mtaani inaweza kulificha karibu lote, na kebo zilizolala vile ndizo zinazolitaja.

Zipo picha ambazo hazitatoa jibu. Ukungu wa San Francisco unaweza kuacha ncha mbili tu juu ya wingu, na jani moja linaweza kukaa mahali palepale ambapo X ingekuwa. Mhariri anayepokea picha ya namna hiyo na asiione nafasi kati ya miguu ya mnara aandike tu "daraja la kuning'inia" na aache jina la mji. Na anayepiga picha anaombwa aongeze neno moja tu kabla ya kuituma: mahali aliposimama.